Uzi kabla ya kisu: kuchinja kuku na mbuzi nyumbani bila kuchafua nyama

Nyama inayochinjwa nyumbani huharibiwa na vitu viwili vinavyotoka ndani ya mnyama mwenyewe, na havifanani hata kidogo. Nyongo huharibu ladha. Ni chungu, inaacha doa la kijani au la manjano, na mchuzi wote unaweza kukushinda kwa sababu ya matone machache, lakini haimlazi mtu kitandani. Uchafu wa tumbo na utumbo ndio wenye maradhi, kwani humo mnaishi vijidudu vinavyoleta kuhara na homa. Ajabu ni kwamba nyongo ikipasuka uani kila mtu hupiga kelele, ila utumbo ukipasuka watu humwagia maji wakaendelea na kazi. Ilipaswa kuwa kinyume.

Hayo maji nayo yana lawama yake. Ukimwaga beseni la maji juu ya nyama iliyoguswa na kinyesi, uchafu unaouona unaondoka, na usiouona unatelemka mpaka kwenye paja na ubavu ambavyo vilikuwa safi. Kitambaa ni kibaya zaidi, maana kinabeba uchafu wa sehemu moja na kuupaka kila kinapopita. Kinachoiokoa nyama ni uzi unaofungwa mapema, kisu kinachokata kuelekea nje, na kujua kifuko cha nyongo kimelala wapi kabla mkono haujafika.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchinja

Kuku anyimwe chakula kwa saa 8 hadi 12, maji aachiwe. Wa kienyeji ni mjanja, akifunguliwa alfajiri anajijazia wadudu na mchanga kabla hujaosha uso, kwa hiyo afunikwe chini ya tenga tangu jioni. Usimshindishe njaa siku nzima ukidhani atakuwa safi zaidi. Saa zikizidi sana utumbo wake unalegea na kujaa maji maji, na unachanika ukiugusa tu.

Mbuzi anyimwe majani kuanzia jioni, anywe maji anavyotaka. Asubuhi atakuwa bado na kilo kadhaa za majani yaliyotafunwa, kwa sababu tumbo kubwa la mnyama anayecheua haliwi tupu kwa usiku mmoja. Faida yake ni kwamba limepungua, halisukumi ngozi ya tumbo kwa nguvu, na kisu kinapata nafasi ya kupita.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mnyama akikaa na njaa, nyongo haimwagiki kwenye utumbo kama kawaida, inabaki kifukoni na kukijaza. Kwa hiyo ukimfunga chakula ili utumbo usikusumbue, jiandae kukutana na kifuko cha nyongo kilichovimba na chenye ngozi nyembamba. Ukitaka mnyama asiye na tabu hiyo, chinja njiwa: hana kifuko cha nyongo kabisa.

Mnyama aliyejifia, au anayekata roho, si wa mwongozo huu. Mwishoni mwa 2023 kimeta kiliua ng'ombe wilayani Kyotera na watu waliokula nyama wakaugua. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, haukaangwi, hauuzwi. Mwite ofisa wa mifugo. Na hata mbuzi mzima ukiwa na nia ya kuuza nyama yake, mkaguzi aione kwanza.

Kuku

Andaa visu viwili vikali, beseni la matumbo peke yake, sinia la nyama peke yake, na jerikeni la maji safi. Majani mabichi ya mgomba yaliyooshwa yanatosha kuwa meza.

Mchinje, mwache damu itoke mpaka atulie kabisa na pumzi ikatike. Ukimtumbukiza kwenye maji ya moto angali anavuta pumzi, maji hayo machafu yanaingia mapafuni. Ya kunyonyolea yasiwe yanachemka. Sehemu tatu za maji yaliyochemka kwa sehemu mbili za maji baridi zinakupa joto linalomfaa kuku mzima wa kienyeji, na dakika moja inatosha, ukivuta unyoya mkubwa wa bawa ujue tayari ukitoka bila ubishi. Yakizidi moto, ngozi inaiva na kuchanika, na ngozi ya tumbo ikichanika umepoteza ukuta uliokuwa unakutenga na utumbo. Wakati wa kunyonyoa usimbane tumbo. Kinyesi kilicho karibu na mlango kinatoka hapo hapo.

Kata kichwa na miguu, uondoe na kile kinundu cha mafuta juu ya mkia. Kisha anzia shingoni, si tumboni. Pasua ngozi ya nyuma ya shingo, ivute chini, utaona koo la hewa lililo gumu na umio ulio laini kando yake. Umio huo unashuka kwenye gole, kifuko cha chakula kilichokaa mbele ya kifua. Tumia kidole, si kisu, kuling'oa gole kwenye ngozi ya kifua kote lilikoshika. Likiwa na nafaka ndani, funga umio kwa uzi juu yake. Liache likiwa limeungana na vya ndani, maana litavutwa kutoka upande wa pili. Wengi huliruka hili, halafu wakivuta matumbo kwa nguvu gole linakatika na mahindi yaliyolowa yanamwagika ndani ya kifua.

Mlaze chali. Bana ngozi iliyo kati ya ncha ya mfupa wa kifua na njia ya haja, iinue juu iachane na utumbo, ndipo ukate tundu dogo la kukingama. Kina cha kisu ni unene wa ngozi tu. Panua kwa vidole. Ingiza kidole ndani, kipite nyuma ya utumbo wa mwisho, kisha ukate kuuzunguka mlango huku kidole kikiulinda utumbo usiguswe. Ukimaliza, mlango na utumbo vitaning'inia pamoja vikiwa vizima. Vitoe nje ya mwili, visirudi ndani.

Sasa ingiza mkono, na njia yake ni juu, ukiusugua mfupa wa kifua kwa mgongo wa vidole, mpaka ufike kwenye moyo. Njia ya chini inapita katikati ya utumbo. Vidole vikifika mbele vikunje, shika firigisi ambayo ndiyo kishikio chako, na vuta vyote polepole kwa mvuto mmoja. Ini litatoka likiwa limeshikamana na firigisi, gole litafuata nyuma. Usifinye ini. Nyongo imejificha upande wake wa chini, kwenye ndewe ya kulia, kifuko cha kijani cheusi chenye ukubwa wa harage.

Peleka vyote kwenye beseni lake, mbali na kuku, ndipo ushughulikie nyongo. Usiivute wala usijaribu kuibandua. Geuza ini ili kifuko kining'inie chini, kata kipande kidogo cha ini pamoja nacho, na kipande hicho kitupwe. Huruma ya kutaka kuokoa nyama ya ukubwa wa ukucha ndiyo inayopasua nyongo nyingi. Firigisi ipasuliwe kwenye ukingo wake mnene, imwagwe mchanga, ioshwe, na ngozi ya manjano ya ndani ivuliwe nzima. Katika nyumba nyingi za Kiganda kipande hicho kina mwenyewe kabla kuku hajachinjwa, kwa hiyo kikinuka nyongo jieleze mapema.

Maliza kwa kumimina maji safi ndani ya kuku, yaingie shingoni na kutokea nyuma, kisha mning'inize ajichuruzishe. Hapa maji yanaruhusiwa kwa sababu hakuna kilichopasuka.

Mbuzi

Chukua mbuzi dume wa kilo 25, ukubwa wa kawaida wa mbuzi anayechinjwa majumbani hapa Bombo siku ya Idi. Atakupa nyama na mifupa kama kilo 11. Tawi la mfenesi lililo imara linatosha kumtundika, mradi shingo isiguse chini. Uwe na visu viwili, kimoja cha ngozi na kimoja cha nyama, nyuzi za katani vipande vitatu vya urefu wa mkono, kavera mpya moja, yaani mfuko wa plastiki, na sufuria ya maji ya moto ya kutumbukizia visu. Nyuzi za mgomba nazo zinafaa zikilowekwa kwanza, kwani kavu hukatika. Anza mapema, saa moja asubuhi, kabla ya nzi na jua. Na muwe wawili. Mmoja ashike ngozi, mwingine aguse nyama, msibadilishane kazi kabla ya kunawa.

Uchinjaji wenyewe ni ule mnaoujua: kuelekea kibla, Bismillahi, Allahu Akbar, kisu kikali kinachokata koo la hewa, umio na mishipa miwili ya damu. Usikate uti wa mgongo. Subiri mpaka damu iishe kutiririka na jicho likiguswa lisipepese.

Zingatia kilichotokea hapo: umio nao umekatwa. Mbuzi yuko chini, haidhuru, lakini ukimtundika kwa miguu ya nyuma tumbo kubwa linaelekea shingoni, na maji ya kijani yanatoka kwenye umio uliokatwa yakipita juu ya nyama ya shingo. Hii ndiyo sababu shingo za mbuzi wengi hunuka majani. Kwa hiyo uzi wa kwanza unafungwa kabla ya kamba ya kumwinua. Tafuta umio nyuma kidogo ya koo la hewa, upande wa kushoto. Koo la hewa lina pete ngumu, umio ni laini na unateleza. Utenganishe kwa kidole kwa urefu wa kiganja, uufunge mafundo mawili ya kukaza. Ukanda wa nyama ulioguswa na kisu cha kuchinjia kwenye jeraha utakatwa baadaye na kutupwa.

Mtundike, kamba zipite nyuma ya kano za miguu ya nyuma. Chuna kuanzia mapajani kushuka chini. Kisu kifungue mstari tu, ngozi iliyobaki itoke kwa ngumi, ukisukuma kati ya ngozi na nyama. Ngozi ikunjwe nje ili manyoya yasigeukie nyama, na mkono ulioshika manyoya usishike nyama. Kwa beberu jambo hili lina uzito maradufu, kwani harufu yake iko kwenye ngozi na inahama kwa mkono. Mnaolaumu nyama ya beberu kwa kunuka, mara nyingi mlaumuni mchunaji.

Uzi wa pili ni wa nyuma. Kata kuzunguka njia ya haja kubwa, ncha ya kisu ikielekea kwenye mfupa wa nyonga na si kwenye utumbo. Vuta utumbo wa mwisho utoke kama kiganja kimoja, uvalishe kavera, ufunge kwa uzi juu ya kavera. Usukume sasa ndani kidogo, utaupokea kutoka tumboni. Ukiacha hatua hii, vidonge vya kinyesi vinadondoka ndani ya nyonga wakati unapovuta matumbo, na hiyo ni sehemu ambayo kisu cha kusafishia hakifiki vizuri.

Sasa tumbo lifunguliwe. Fanya tundu dogo juu, karibu na nyonga, ukiwa umebana ukuta wa tumbo na kuuvuta kwako. Ingiza vidole viwili, cha shahada na cha kati, viwe uma. Kisu kikae katikati ya vidole, mpini ndani, makali nje yakikutazama wewe, na vidole visukume matumbo nyuma. Shuka polepole mpaka kwenye mfupa wa kifua. Kisu chenye makali yanayotazama ndani hakina huruma na tumbo lililojaa. Matumbo yataanza kuja yenyewe kwa uzito wake, kwa hiyo mwenzako ayapokee kwa mikono miwili au kwenye beseni lililoinuliwa, yasianguke ghafla na kuchana kilichoyashika.

Nyongani utaona kibofu cha mkojo. Kibane shingoni kwa vidole viwili, ukate juu ya vidole, ukitoe nje bila kuachia. Vuta utumbo uliovalishwa kavera upite kuja tumboni. Lishikilie tumbo kubwa huku mwenzako akiulegeza umio shingoni kwa kidole, halafu uvute taratibu upite kwenye kiwambo, ule ukuta mwembamba unaotenga tumbo na kifua, fundo lake likiwa bado limekaza.

Kabla matumbo hayajaondoka, angalia ini. Kifuko cha nyongo cha mbuzi kimelala nyuma ya ini, na leo kimejaa. Kimeungana na utumbo kwa mrija mwembamba. Uzi wa tatu ni wa mrija huo: ufunge, au ukiwa na vidole imara ubane tu, kisha ukate upande wa utumbo. Toa ini zima likiwa na nyongo yake, lipeleke kando juu ya shimo. Lielekeze chini, shika shingo ya kifuko kwa kidole gumba na cha shahada, na uibandue nyongo kuanzia shingoni kuelekea kitako. Kwa mbuzi inabanduka vizuri, tofauti na kuku, lakini ikigoma kata na kipande cha ini usibishane nayo. Wako wapishi wanaotia tone la nyongo kwenye mchuzi wa matumbo kwa kupenda. Hao wapewe kifuko kizima mkononi, wakitoboe jikoni kwao.

Baada ya hapo kata kiwambo, toa moyo, mapafu na koo la hewa. Ukiona malengelenge yenye maji kwenye mapafu au ini, sehemu hiyo usimpe mbwa, ifukie shimoni, kwa sababu mbwa akila ndiye anayerudisha minyoo hiyo kwa mbuzi na kwa watu. Kutoka kuchinja hadi matumbo kuwa nje isizidi nusu saa. Ndani ya mbuzi aliyekufa majani yanaendelea kuchacha, tumbo linavimba, na kila dakika linakuwa rahisi zaidi kupasuka.

Kikipasuka

Tuseme kisu kimegusa tumbo kubwa na tundu la ukubwa wa kidole limetokea. Acha kukata. Bana tundu kwa mkono, uliinue liwe juu ya kingo za ukato, lisogee nje ya mwili, na mwenzako azungushe uzi nyuma ya vidole vyako akaze. Nawa, badili kisu, halafu endelea kutoa matumbo. Usianze kusafisha nyama wakati chanzo bado kiko ndani.

Matumbo yakishatoka, tazama uchafu umeshuka wapi. Kwa mbuzi aliyetundikwa utakuwa kwenye mbavu za ndani na ncha ya kifua, kwa sababu kila kitu kinaelekea chini. Kwa kisu safi ondoa tabaka jembamba la nyama au utando kuzunguka doa, upana wa kidole zaidi ya unachokiona, na ukate ukianzia upande safi. Kwa mbuzi wetu wa kilo 25 huenda ukapoteza nusu kilo. Hiyo ndiyo bei, na ni ndogo kuliko ya zahanati. Baada ya kukata, na si kabla, unaweza kumimina maji kidogo kutoka juu kushuka. Uchafu ukiwa umetapakaa ndani yote hata huoni pa kuanzia, ondoa utando wote wa ndani pamoja na sarara, na hiyo nyama usiichome mishikaki ya haraka. Ichemshwe mpaka iive kabisa.

Nyongo ina taratibu zake. Ikimwagika, mimina maji papo hapo kabla haijanywewa na nyama, hapa maji ni rafiki kwa sababu unapambana na uchungu, si vijidudu. Doa lililobaki na rangi likatwe. Kwenye ini usijaribu kuosha, kwa kuwa linafyonza haraka, kata sehemu yote ya kijani. Namna ya kuhakikisha ni kuchemsha kipande kidogo kwenye sigiri na kuonja. Jicho hudanganywa na mwanga, ulimi haudanganywi.

Matumbo yaoshwe mwisho

Matumbo hayafunguliwi chini ya mfenesi. Yaende kwenye shimo lenye kina cha magoti, mbali na kisima na upande ambao maji ya mvua hayatelemki kuja jikoni, na anayeyaosha asiwe anayekata nyama. Tumbo kubwa lipasuliwe, limwagwe, ligeuzwe nje ndani, lioshwe mara kadhaa, kisha litiwe kwenye maji ya moto yasiyochemka ili ule utando wa kijivu ukwaruzike. Kitabu, lile tumbo lenye kurasa ndani yake, kinahitaji uvumilivu, kila ukurasa ufunuliwe, na asiyekuwa na muda akitupe. Utumbo mwembamba umiminiwe maji kwa ndani mpaka yatoke meupe. Majani yaliyotoka tumboni yafukiwe kwenye shina la mgomba ni mbolea nzuri, lakini udongo uyafunike vizuri, vinginevyo mbwa wa mtaa mzima watakesha kwako.